Kutoka Kasi ya Wastani Hadi Muda wa Kila Mzunguko: Mwongozo Kamili wa Kilomita 40 Dhidi ya Saa

Mpanda baiskeli anajiwekea lengo la kilomita 38 kwa saa. Siku ya mbio anailinda namba hiyo kama mtu aliyebeba yai mkononi, na kila anapoangalia skrini anaikuta 38. Hata hivyo anapovuka mstari wa mwisho, saa inaonyesha saa 1, dakika 3 na sekunde 53, ilhali hesabu yake ilimwahidi saa 1, dakika 3 na sekunde 9. Sekunde 44 zimepotea na hajui zimepotelea wapi.

Kosa hili linajirudia kwa sababu wengi huigeuza kasi kuwa muda kwa mstari mmoja wa kikokotoo, kisha wanaugawa muda huo kwa idadi ya mizunguko na kuamini kwamba kazi imekwisha. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na sekunde hizo 44 zitapatikana njiani.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza:

- kikokotoo, au programu ya lahajedwali;
- kompyuta ya baiskeli yenye kitufe cha kurekodi mizunguko;
- stopwochi;
- tepu ya kupimia yenye urefu wa mita 3 au zaidi;
- chaki;
- kipande cha karatasi ngumu na utepe wa plastiki angavu, vya kutengenezea kadi ya kubandika kwenye usukani;
- maelezo rasmi ya njia kutoka kwa waandaaji, yanayotaja urefu wa mzunguko, mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia.

Njia ya mfano wetu ina mzunguko wa kilomita 6.4 unaopitwa mara 6. Hizo ni kilomita 38.4. Kilomita 1.6 zilizobaki ni kipande cha kuanzia, yaani mstari wa kuanzia umewekwa kilomita 1.6 kabla ya mstari wa mzunguko. Kila mzunguko una kona moja kali ambayo haipitiki bila kushika breki.

## Hatua ya 1: Hakikisha umbali na chombo kinachoupima

Usianze na kasi, anza na umbali. Mbio zinazoitwa za kilomita 40 zinaweza kuwa za kilomita 39.6 pale ambapo barabara haikuruhusu urefu kamili, na kwa kasi ya 38 tofauti hiyo ni sekunde 38. Tumia urefu uliopimwa na waandaaji, si jina la mbio.

Baada ya hapo pima gurudumu lako. Ikiwa kompyuta inapata kasi kutoka kwenye kihisi cha gurudumu, inahesabu mizunguko ya gurudumu na kuizidisha kwa mzingo uliouandika wewe. Tairi la 700x25C kwa kawaida huandikwa milimita 2105, na la 700x23C milimita 2096. Aliyebadilisha tairi bila kubadilisha namba amekosea kwa milimita 9 tu, lakini katika kilomita 40 milimita hizo zinakuwa mita 171.

Njia ya uhakika ni kujaza upepo kwa kiwango cha siku ya mbio, kuchora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, kukaa juu ya baiskeli ukiwa umeshikiliwa na mtu, kisha kusogea hadi gurudumu lizunguke mara moja kamili na kupima umbali kati ya alama mbili za sakafuni. Uzito wako unalibonyeza tairi, kwa hiyo kipimo cha baiskeli isiyo na mtu huwa kirefu kuliko hali halisi.

Anayetegemea GPS hana gurudumu la kupima, lakini afahamu kwamba kwenye kona chombo hicho huunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka na kukata sehemu ya njia. Ndiyo maana mizunguko inarekodiwa kwa kubonyeza kitufe kwa mkono kwenye mstari uleule kila mara, badala ya kuiachia kompyuta iamue kwamba kilomita 6.4 zimetimia. Zima pia kipengele kilichoandikwa `Auto Pause`, kwa sababu saa ya mbio haisimami.

Utajua umefaulu utakapopita mzunguko mzima kwa mwendo wa kawaida na kompyuta ikatofautiana na urefu rasmi kwa mita chache tu. Tofauti ikifika mita 50 au zaidi, rudia kipimo cha gurudumu.

## Hatua ya 2: Geuza kasi kuwa muda, ukihesabu kwa sekunde

Muda ni umbali uliogawanywa kwa kasi. Kilomita 40 kugawanya kwa 38 ni 1.0526, na hapa ndipo wengi wanapoteleza mara ya kwanza: wanasoma 1.05 kama saa 1 na dakika 5. Desimali hiyo ni sehemu ya saa, si dakika. Ukiizidisha 0.0526 kwa 60 unapata dakika 3 na kitu.

Ili kuepuka mtego huo, fanya kila kitu kwa sekunde na uzigeuze kuwa dakika mwishoni kabisa. Kilomita 40 zikizidishwa kwa sekunde 3600 za saa moja ni 144000. Igawe namba hiyo kwa kasi yoyote unayoitaka, na jibu ni sekunde za mbio nzima. Kwa 38 jibu ni 3789, yaani saa 1, dakika 3 na sekunde 9.

Kwenye lahajedwali, weka mstari wa kwanza katika seli B1 na wa pili katika B2, kisha ipe B2 muundo wa `[h]:mm:ss`:

```
=40*3600/38
=B1/86400
```

Kugawa kwa 86400 kunahitajika kwa sababu lahajedwali huhesabu muda kama sehemu ya siku, na siku ina sekunde 86400.

Utajua umefaulu ukijaribu kasi ya 40 na kupata saa 1 kamili. Ukipata kitu kingine, kuna namba umeikosea.

## Hatua ya 3: Tafuta sekunde zinazoliwa na njia

Kasi ya wastani ya 38 inajumuisha kila kitu: sekunde za kuondoka ukiwa umesimama na sekunde za kushika breki kwenye kona. Skrini inakuonyesha kasi ya wakati ule unapoiangalia, na kwa kawaida huiangalii ukiwa kwenye kona, kwa kuwa macho yako wakati huo yana kazi nyingine. Kwa hiyo anayeiona 38 kila anapoangalia anaendesha chini ya wastani wa 38.

Hasara hizi usizikisie, zipime kwenye mazoezi. Weka alama mita 200 kabla ya kona kali na nyingine mita 200 baada yake. Ingia kwenye alama ya kwanza ukiwa katika kasi ya mbio, pita kona kama utakavyoipita siku yenyewe, na ubonyeze stopwochi kwenye alama zote mbili.

Mita 400 kwa kasi ya 38.5, ambayo Hatua ya 4 itaonyesha inakotoka, zingechukua sekunde 37.4 kama barabara ingekuwa imenyooka. Ikiwa stopwochi inasema 43.4, kona imekula sekunde 6. Rudia mara tatu na uchukue jibu la katikati. Ikiwa hujarejea kwenye kasi ya mbio unapofika alama ya pili, isogeze mbele hadi mita 300, ukikumbuka kwamba umbali sasa ni mita 500 na muda wa kulinganisha ni sekunde 46.8.

Mwanzo wa mbio unapimwa vivyo hivyo: ondoka ukiwa umesimama, pima mita 400, utoe sekunde 37.4. Katika mfano wetu jibu ni sekunde 8.

Jumlisha sasa. Mwanzo sekunde 8, kona sekunde 6 mara 6 ambazo ni 36, jumla 44. Hizo ndizo zilizompotea yule wa mwanzo. Hazikuibwa na mtu, isipokuwa hazikuwahi kuandikwa kwenye hesabu yake.

Tahadhari: usijaribu kuipunguza hasara ya kona kwa kuipita kwa kasi usiyowahi kuijaribu. Sekunde 2 unazoweza kuokoa hapo hazilingani na gharama ya kuanguka mara moja.

## Hatua ya 4: Pata kasi ya barabara iliyo wazi, kisha muda wa mzunguko

Toa hasara kwenye muda wote: 3789 kutoa 44 ni 3745. Hizo ndizo sekunde ulizonazo za kupita kilomita 40 bila kusumbuliwa na chochote. Gawa 144000 kwa 3745 na utapata 38.45. Hii ndiyo namba inayopaswa kuonekana kwenye skrini barabara ikiwa tambarare na hewa imetulia. Tofauti yake na 38 ni ndogo kiasi cha kudharaulika, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Muda wa kila kilomita iliyo wazi ni 3745 kugawanya kwa 40, yaani sekunde 93.6, kwenye kikokotoo acha desimali zote zilivyo, 93.625. Mzunguko wa kilomita 6.4 unakuwa sekunde 599.2, na ukiongeza sekunde 6 za kona ni 605.2, ambazo ni dakika 10 na sekunde 5. Kipande cha kuanzia cha kilomita 1.6 kinakuwa sekunde 149.8, na ukiongeza 8 za mwanzo ni 157.8, yaani dakika 2 na sekunde 38.

Ona jinsi kipande cha kuanzia kilivyojibebea hasara yake chenyewe. Anayegawa tu 3789 kwa umbali anapata dakika 2 na sekunde 32 kwa kipande hicho, na kwa kuwa lengo hilo haliwezekani bila kukimbia kama aliyefukuzwa na nyuki, anafika kwenye mstari wa mzunguko miguu ikiwa imeshaungua, naye ana kilomita 38.4 mbele yake.

Utajua umefaulu ukizidisha 605.2 kwa 6, ukaongeza 157.8, na kurudi kwenye 3789.

## Hatua ya 5: Andika kadi ya usukani

Usiandike muda wa mzunguko mmoja peke yake. Andika muda unaopaswa kuonekana kwenye saa kila unapovuka mstari, kwa sababu katikati ya mbio akili iliyochoka haijumlishi vizuri. Desimali zikae hadi mwisho, na ukadirie namba ya mwisho tu.

| Kuvuka mstari | Umebakiza mizunguko | Saa ionyeshe |
|---|---|---|
| Mara ya 1 | 6 | 2:38 |
| Mara ya 2 | 5 | 12:43 |
| Mara ya 3 | 4 | 22:48 |
| Mara ya 4 | 3 | 32:53 |
| Mara ya 5 | 2 | 42:59 |
| Mara ya 6 | 1 | 53:04 |
| Mara ya 7 | 0, umemaliza | 1:03:09 |

Safu ya katikati si pambo. Mara ya kwanza unapovuka mstari hujamaliza mzunguko wowote, umemaliza kipande cha kuanzia tu, na hivyo mstari unavukwa mara 7 katika mbio za mizunguko 6. Niliwahi kuhesabu mivuko badala ya mizunguko. Nikatumia nguvu zangu zote za mwisho kwenye mvuko wa sita, nikainua mkono mmoja kwa fahari, kisha nikasikia kengele ya mzunguko wa mwisho. Tangu siku hiyo kadi yangu inahesabu kwenda chini.

Bandika kadi mahali unapoiona bila kuinua kichwa kutoka kwenye mkao wako, na uandike kwa tarakimu kubwa. Ijaribu ukiwa umelala kwenye usukani, si ukiwa umesimama kando ya baiskeli.

## Hatua ya 6: Zingatia upepo kabla haujakuzingatia wewe

Namba 38.45 ni ya hewa tulivu. Chukulia sasa kwamba nusu ya mzunguko ina upepo wa mgongoni na nusu nyingine ina upepo wa usoni, na mpanda baiskeli anakwenda 42 upande mmoja na 34 upande mwingine. Wengi watasema wastani ni 38, maana 42 na 34 ukizijumlisha na kugawa kwa 2 unapata 38.

Hesabu ya sekunde inakataa. Kilomita 3.2 kwa kasi ya 42 ni sekunde 274.3, na kilomita 3.2 kwa kasi ya 34 ni sekunde 338.8. Jumla ni 613.1, yaani wastani wa 37.6. Tukiiacha kona kando, mzunguko wa 38 sawasawa ungechukua sekunde 606.3. Karibu sekunde 7 zimepotea kila mzunguko, na kwa mizunguko 6 ni zaidi ya sekunde 40. Sababu ni kwamba unatumia muda mrefu zaidi kwenye sehemu ya polepole, hivyo sehemu hiyo ina uzito mkubwa zaidi katika wastani.

Kutokana na hilo kuna mambo mawili ya kufanya. La kwanza, siku ya upepo usihukumu mwendo wako kwa namba ya kasi kwenye skrini, bali kwa muda wa mzunguko mzima uliorekodiwa kwenye mstari. La pili, ongeza nguvu kidogo unapokutana na upepo na uipunguze kidogo upepo unapokusukuma, kwa sababu sekunde nyingi za kuokoa ziko pale unapokwenda polepole. Mimi sizidishi asilimia 5 juu ya nguvu yangu ya kawaida, kwani zaidi ya hapo deni linalipwa kwenye mizunguko miwili ya mwisho.

Kama waandaaji wanaruhusu kuipita njia asubuhi, endesha mzunguko mmoja kwa mwendo wa wastani na ulinganishe muda wake na ule wa siku tulivu kwa nguvu ileile. Ukipata nyongeza ya sekunde 10, shusha lengo na uandike kadi upya hapohapo. Kadi ya jana haiujui upepo wa leo.

## Hatua ya 7: Kurekebisha katikati ya mbio

Kipande cha kuanzia na mzunguko wa kwanza usivichukulie kama kipimo cha siku, kwa kuwa miguu mipya inadanganya. Ukiwa mbele ya kadi kwa sekunde 8 baada ya mzunguko wa kwanza, punguza. Uamuzi wa kweli unafanyika baada ya mzunguko wa tatu.

Tuseme mwanzo ulikwenda kama ulivyopangwa, lakini unavuka mstari mara ya nne saa ikionyesha 33:13 badala ya 32:53. Uko nyuma sekunde 20 na umebakiza kilomita 19.2. Sekunde zilizobaki ni 3789 kutoa 1993, yaani 1796. Zigawe kwa mizunguko 3 na utapata 598.7, toa 6 za kona na zinabaki 592.7, ambazo kwa kilomita 6.4 ni kasi ya 38.9.

Kutoka 38.45 kwenda 38.9 kunaonekana kama hatua fupi. Lakini wewe hukuwa ukienda 38.45. Kupoteza sekunde 20 katika mizunguko 3 kunamaanisha kwamba kila mzunguko ulikuchukua sekunde 611.7, na ukitoa kona, kasi yako halisi ilikuwa karibu 38.0. Kuruka kwako ni kutoka 38.0 hadi 38.9.

Nguvu ya kupambana na hewa inapanda kwa kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu, kwa hiyo ongezeko la asilimia 2 hivi la kasi linadai asilimia 6 hadi 7 ya nguvu zaidi. Aliyekuwa akitoa wati 240 anatakiwa atoe karibu 256 kwa nusu saa nzima, naye tayari ana nusu saa miguuni. Kama ulikuwa umejizuia makusudi, inawezekana. Kama 240 ndiyo ilikuwa juhudi yako ya kweli, lengo hilo limeshapita, na busara ni kushikilia dakika 10 na sekunde 12 kwa kila mzunguko badala ya kuvunjika kwenye wa tano na kumaliza kwa 10:40.

Ili usilazimike kukokotoa barabarani, iandikie kadi mstari mmoja wa chini: kiasi cha sekunde ambacho ukikizidi kwenye mvuko wa nne unaachana na lengo la kwanza. Mimi huandika 12. Nikiwa nyuma kwa sekunde 12 au pungufu ninazitafuta, moja au mbili kila kilomita chache, bila kuruka ghafla. Nikizidi hapo ninaendesha mizunguko iliyobaki kwa muda uleule niliokuwa nao.

## Hatua ya 8: Soma mizunguko yako baada ya kumaliza

Toa muda wa kila mvuko kwenye unaofuata ili upate muda wa kila mzunguko, kisha uutazame mpangilio wake. Mizunguko 6 iliyo ndani ya sekunde 5 kati ya mfupi na mrefu inaonyesha kwamba nguvu iligawanywa vizuri, hata kama lengo halikufikiwa. Mizunguko inayorefuka hatua kwa hatua, kwa mfano 9:58, 10:02, 10:07 na kuendelea, inaonyesha kwamba lengo lilikuwa juu au mwanzo ulikuwa mkali. Ikiwa yote ililingana lakini kila mmoja ulizidi kadi kwa sekunde 3 au 4, miguu haina kosa. Rudi kwenye ile kona na stopwochi, kwa sababu sekunde 6 ulizoandika zilikuwa za mazoezi, na huenda siku ya mbio, kukiwa na mtu mbele yako au lami ikiwa na maji, kona hiyo ilikula 9 au 10.